Ploti mbili Nakuru, moja "frihodi taito redi" na ingine "lisi ya 99": nisaidieni kuelewa kabla nitoe diposti

Mgeni_wa_Nax
Wakuu habari za jioni. Mimi na mke wangu tumeweka akiba kwa sako miaka mingi na sasa tumefika mahali tunaweza nunua ploti ya kujenga nyumba ya kuishi, si ya kuuza baadaye. Tumezunguka na broka tukabaki na mbili. Ya kwanza iko Lanet, hamsini kwa mia, wanaitisha milioni moja na laki tatu na broka anasema "hii ni frihodi, taito iko redi, lipa kesho ujenge kesho kutwa". Ya pili iko ndani ya mji, ukubwa ni karibu huo huo, milioni moja na laki sita, na mwenyewe ametuambia wazi ni lisi ya miaka 99. Karatasi yake nimeiona, imeandikwa ilianza tarehe moja Januari 1978.

Mimi ni mwalimu wa praimari, mambo ya ardhi siyajui vizuri. Taito didi na frihodi ni kitu kimoja? Hiyo ya lisi inamaanisha nanunua ama nakodisha tu? Na ikiisha serikali inakuja kubomoa nyumba yangu? Mke wangu anataka ya mjini juu iko karibu na shule, mimi hilo neno lisi linaninyima usingizi.

Boss_wa_Ploti
Mwalimu chukua ya Lanet usiangalie nyuma. Frihodi ni yako mpaka vitukuu, hakuna mtu atakuuliza kitu. Lisi ni ardhi ya serikali, wewe ni mpangaji tu na ikiisha unafukuzwa. Nimeuza ploti Nakuru hii kutoka Pipeline mpaka Kiamunyi na wateja wangu wote huwa nawaambia hivyo hivyo, frihodi pekee.

Wafula_Webuye
Kuhusu lisi ningependa kusema usiogope sana, huku kwetu tunalisi shamba la miwa kila siku, mnaandikiana na mwenye shamba miaka miwili au mitatu mkavuna mkaachana kwa amani. Muhimu ni mjumbe wa kijiji ashuhudie na muandike kama masalio ya miwa ni ya nani. Mimi nimelisi eka tatu na hatujawahi kosana na yule mzee.

Mgeni_wa_Nax
Asante ndugu Wafula lakini nafikiri yangu ni tofauti, hii ni ya miaka 99 na nalipa pesa yote kama kununua.

Karani_wa_Mawakili
Mwalimu shikamoo ya usiku. Nimefanya kazi ya karani kwa ofisi za mawakili hapa Nakuru, kazi yangu kubwa ni kupeleka mafaili ya uhamisho wa ardhi ofisi ya ardhi na kuyafuatilia, kwa hivyo nikuelezee polepole na wenye wanajua zaidi watanirekebisha.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Taito ni karatasi, ni ushahidi kwamba jina lako limeandikwa kwa rejista ya ardhi. Frihodi na lisi ni aina ya haki yenye hiyo karatasi inashuhudia. Mtu wa frihodi akishasajiliwa anapewa taito didi, na zile za zamani zimeandikwa kabisa kwamba fulani ni mmiliki kamili. Mtu wa lisi anapewa setifiketi ya lisi, ambayo watu mtaani pia wanaiita taito, na hawakosei sana juu nayo pia inatoka kwa msajili wa ardhi na inalindwa na sheria ile ile ya usajili wa ardhi ya 2012. Kwa hivyo broka akikwambia "taito iko" bado hajajibu swali la ni frihodi au lisi, na akikwambia "ni frihodi" bado hajajibu kama hiyo ploti yako ina taito yake. Hayo ni maswali mawili na watu wengi wanaumia hapo katikati.

Sasa lisi. Yule ndugu wa Webuye anaongea juu ya kukodisha shamba, hiyo ni makubaliano yenu wawili ya muda mfupi. Yako ni lisi iliyotolewa na serikali ama kaunti kwa muda mrefu na ikasajiliwa. Unaweza kuiuza, kuirithisha watoto, kuiweka benki upewe mkopo. Lakini ina mwisho. Miaka 99 kutoka Januari 1978 inaisha Desemba 2076. Hapo ndipo unapima, si kwa ile 99, juu hakuna mtu anakuuzia 99. Anakuuzia yenye imebaki, na hapo imebaki miaka hamsini na kidogo tu.

Mgeni_wa_Nax
Mzee wangu hapo umenifungua macho. Mimi nina miaka 38, ikifika 2076 sijui kama nitakuwa lakini watoto watakuwa. Sasa ikifika hiyo siku inakuwaje? Boss anasema tunafukuzwa.

Karani_wa_Mawakili
Boss ako na nusu ya ukweli. Muda ukiisha ardhi inarudi kwa serikali, hiyo ni kweli. Lakini sheria ya ardhi ya 2012, kifungu cha 13, inasema yule aliyekuwa na lisi anapewa nafasi ya kwanza kugawiwa tena, bora awe raia wa Kenya na ardhi yenyewe isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Na hakuna mtu wa maana anangoja 2076. Unaomba nyongeza ya muda mapema lisi ikiwa bado hai, unapitia kaunti na wizara, savea anaangalia mipaka, na wakikubali unapewa muda mpya na renti inaangaliwa upya. Inachosha na inakula pesa lakini watu wanafanya. Ile yenye inatesa watu ni ya mtu kulala mpaka lisi ikafa, halafu anakuja kuuza ama kukopa na benki inamwambia hakuna kitu hapa cha kushika.

Kwa hivyo kwa hii ya mjini muulize mwenyewe vitu vichache. Renti ya ardhi kwa mwaka ni ngapi na amelipa mpaka lini, juu kuna wenye hawajalipa tangu enzi za Moi na riba imepanda, na hiyo deni lazima iishe ndio upate setifiketi ya kuonyesha hakuna deni. Usichanganye renti na reti. Renti ni ya mwenye ardhi, yaani yule aliyetoa lisi, reti ni ya kaunti na hata frihodi ya mjini inaweza kulipa reti. Halafu soma masharti maalum yako ndani ya hiyo lisi. Yanasema ni ya makao ama biashara, pengine unaruhusiwa nyumba moja tu. Na mwisho, kuhamisha lisi ya serikali kunahitaji ruhusa ya yule aliyeitoa, hiyo huwezi kuruka.

Nyar_Kogony
Nimesoma hii nikiwa na uchungu wangu wa Kisumu. Huku karibu kila kitu nje ya mji wa zamani ni frihodi, namba inaanza Kisumu/Kogony, Kisumu/Korando hivyo, na zile za mjini ziko na Kisumu Municipality Block na nyingi ni lisi. Sasa watu wa huku wanaringa na frihodi sana. Baba yangu alinunua kipande cha frihodi kutoka kwa kijana wa jirani, taito ilikuwepo kweli, tuliiona kwa macho, wakaandikiana agrimenti wazee wa kijiji wakatia sahihi na pesa ikalipwa yote. Shida ni kwamba jina kwa hiyo taito lilikuwa la babu wa huyo kijana na babu alikuwa ameshakufa zamani. Baba amejenga hapo, amepanda miti, sasa ndugu wengine wa yule kijana wanasema hawakuuza kitu na kesi iko kortini mpaka leo. Kwa hivyo mwalimu, frihodi haikutusaidia hata kidogo. Uliza jina.

Karani_wa_Mawakili
Pole sana dada. Huko kwenu na Western yote hiyo ni kesi ya kila wiki. Shamba la marehemu haliwezi kuuzwa na mtoto ama mjukuu hivi hivi tu, hata kama ndiye anaishi hapo na kulima. Lazima kwanza familia iende kortini, wateuliwe wasimamizi wa mirathi, ile granti ithibitishwe na korti iseme nani anapata nini, ndio jina litoke kwa babu liende kwa mrithi halafu lije kwako. Kuuza kabla ya hapo sheria ya urithi inaita kuingilia mali ya marehemu na ni kosa.

Omera_Dala
Lakini Karani, si baba yake ameishi hapo zaidi ya miaka 12? Si hapo ni yake moja kwa moja? Sheria inasema ukikaa miaka 12 mwenyewe akinyamaza shamba limekuwa lako.

Nyar_Kogony
Wakili wetu alisema kitu kama hicho pia lakini upande ule unasema tuliingia kwa ruhusa yao.

Karani_wa_Mawakili
Omera, miaka 12 iko kwa sheria lakini si moja kwa moja, lazima korti itamke. Na hesabu inaanzia wapi ndio vita yenyewe. Mtu akiingia kwa ruhusa ya mwenyewe muda hauhesabiki kama wa mvamizi. Kwa mnunuzi korti zimewahi kuhesabu kutoka siku alipomaliza kulipa. Dada, kama mko na risiti ama karatasi yoyote ya malipo ya mwisho ishikeni kama mboni ya jicho, iliyobaki ni ya wakili wenu, mimi sitaamua kesi hapa.

Boss_wa_Ploti
Tumetoka kwa mada. Ploti ya Lanet si ya marehemu, mwenye ako hai namjua, anakula samaki na mimi. Taito iko, mwalimu ameonyeshwa.

Mgeni_wa_Nax
Ni kweli nimeonyeshwa taito na mwenye jina ako hai, ni mzee mstaarabu kabisa na jina kwa kitambulisho ni lile lile. Nilipiga picha. Namba inaanza na Dundori/Lanet Block, halafu kuna mahali imeandikwa ukubwa 0.81 hekta. Hiyo 0.81 ndio hamsini kwa mia?

Karani_wa_Mawakili
Mwalimu simama hapo hapo usitoe hata shilingi.

Hamsini kwa mia ni futi 5,000 za mraba, ukiigeuza kuwa hekta ni karibu 0.046, kwa taito nyingi utaona imeandikwa 0.045 ama hapo karibu. Hiyo 0.81 ni eka mbili. Umeonyeshwa taito ya mama, yaani shamba lote kabla halijakatwa. Ploti yako kwa rejista haipo. Haina namba, haina taito, ipo kwa akili ya mzee na kwa ile ramani ya broka ya kuchorwa na kalamu. Taito iko redi ni kweli, lakini si yako ambayo iko redi.

Boss_wa_Ploti
Sasa hapo unatisha mtu bure. Nakuru yote imejengwa hivyo. Watu wananunua kwa mama taito, mutesheni ya kugawa shamba inafanywa, taito za watoto zinatoka, kila mtu anapata yake. Mwenyewe nina wateja zaidi ya thelathini wamepata hivyo.

Karani_wa_Mawakili
Sikatai, wengi wamepata na sijasema mzee ni mwizi. Nasema mwalimu anauziwa kitu kimoja na analipishwa bei ya kingine. Ploti yenye taito yake na ploti ndani ya mama ni biashara mbili tofauti na hatari yake si moja.

Mwalimu acha nikuonyeshe kazi yenye imebaki. Mzee anatafuta savea mwenye leseni anachora mgawanyo, unaenda kaunti kuidhinishwa na watu wa mipango, kama ni shamba la kilimo bodi ya ardhi inaketi na kutoa kibali, savea anaandika fomu ya mutesheni na kupanda bikoni, yaani alama za mipaka, ofisi ya savei inakagua na kubadilisha ramani ya rejista na kutoa namba mpya, halafu mzee anarudisha ile taito ya mama inafungwa na taito za watoto zinatoka. Na zinatoka kwa jina la mzee, si lako. Ndio sasa anakuhamishia. Kila hatua hapo inaweza kukwama, na ikikwama wakati umelipa milioni na laki tatu yote wewe ndio unangoja.

Sasa piga hesabu na mimi. Eka mbili ni futi za mraba 87,120. Muulize broka amegawa ploti ngapi hapo.

Mgeni_wa_Nax
Nimempigia. Anasema ziko 17 na 9 zimeshachukuliwa, ndio maana ananiharakisha.

Karani_wa_Mawakili
17 mara 5,000 ni 85,000. Imebaki futi 2,120 za barabara kwa shamba la eka mbili. Barabara ya ndani ya futi thelathini, na tuseme inapita urefu wa futi mia nne hivi, peke yake inakula 12,000. Ukitoa hiyo zinabaki ploti 15 kwa kujibana sana, 14 ukitaka watu wapumue, na hapo sijaangalia umbo la shamba. Maana yake moja kati ya mawili: ama ploti si hamsini kwa mia kama mnavyoambiwa, ama hakuna barabara yenye kaunti itakubali na mchoro utarudishwa. Mchoro ukirudishwa watu wawili watatu watakosa ploti. Na watakaokosa si wale 9 wa kwanza.

Mama_Ciku_Free_Area
Karani asante, hii ya kuhesabu barabara sijawahi kuisikia mahali. Sisi tulinunua tukiwa kikundi cha akina mama na mpaka leo gari ya mchanga haifiki kwangu, mchanga unamwagwa kwa jirani na tunabeba na wilbaro. Taito nilipata, nashukuru Mungu, lakini inasema 0.038. Nilikuwa nadhani ni makosa ya kuandika.

Karani_wa_Mawakili
Mama si makosa, ni futi 4,090 hivi. Ploti ilikatwa ndogo ili barabara itoshee, ama kutoshea kidogo.

Savea_Rongai
Niongezee kitu hapo. Mimi niko upande wa vipimo. Taito nyingi za frihodi huku kwetu ziko chini ya mipaka ya jumla, ile ramani ya rejista inakuonyesha ploti iko wapi kwa majirani lakini si kipimo cha inchi kwa inchi, ndio sababu taito inasema "takriban" kwa ukubwa. Kwa hivyo 0.045 na 0.046 msipigane. Lakini lazima uende na savea kwa shamba na nakala ya ramani ya rejista akuonyeshe bikoni. Nimeitwa mara nyingi na mtu mwenye taito safi kabisa, sachi ya rejista safi, nafika naona amejenga kwa namba ya jirani juu broka alimwonyesha kona isiyo yake. Taito haikuambii uko wapi, inakuambia namba.

Na kwa lisi ya zamani ya mjini mipaka mara nyingi imepimwa kabisa, hilo ni zuri lake moja watu hawalisemi.

Boss_wa_Ploti
Sawa, kwa hesabu ya ploti nitaongea na mzee, pengine ni broka mwenzangu ameongeza. Lakini bado nasema lisi siwezi. Na hiyo karatasi ya lisi si taito, ni aloti tu.

Karani_wa_Mawakili
Hapo tena tofautisha. Barua ya aloti na setifiketi ya lisi si kitu kimoja. Barua ya aloti ni serikali ama kaunti inasema iko tayari kukupa, ukitimiza masharti na kulipa ndani ya muda. Mahakama ya juu ilisema 2023 kwamba barua ya aloti peke yake haikupi haki ya ardhi, ni ofa. Mtu akikuuzia "aloti" anakuuzia ahadi ya mtu mwingine. Ya mwalimu, kama nimemwelewa, ni lisi iliyosajiliwa na muda wake umeandikwa. Hiyo ni sawa, bora sachi ikubali.

Na mwaka huo huo wa 2023 mahakama hiyo hiyo kwa kesi ya ploti ya Mombasa ilisema kama mwanzo wa taito ulikuwa mchafu, ardhi ya umma ilichukuliwa bila utaratibu, mnunuzi wa baadaye hajifichi nyuma ya "mimi nilinunua kwa nia njema". Kwa hivyo usiishie kwa sachi ya ukurasa mmoja. Sachi inakuambia mwenye leo ni nani na kama kuna deni la benki ama zuio. Omba pia nakala iliyothibitishwa ya grini kadi kwa frihodi, ama kadi nyeupe kwa lisi, hapo unaona ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani tangu ifunguliwe. Ukiona ardhi ilikuwa ya shule ama uwanja halafu ghafla ni ya mtu binafsi, ondoka.

Kibet_Njoro
Swali dogo. Ploti ya frihodi iko ndani ya mpaka wa jiji la Nakuru, bado inahitaji bodi ya ardhi? Mimi niliambiwa kila frihodi lazima na jirani yangu akaambiwa hapana.

Karani_wa_Mawakili
Sheria ya bodi inahusu ardhi ya kilimo, na ardhi ndani ya manispaa kwa kawaida haihesabiki kama ya kilimo. Lakini mpaka umesogea na Nakuru ikawa jiji Desemba 2021, na mashamba ya Lanet, Ngata na Mawanga mengine bado yana mahindi. Mimi nimeona faili mbili za sehemu moja, moja ikaitishwa kibali, ingine ikapita.

Savea_Rongai
Mimi ningesema chukua kibali hata kama hujui. Kama ilihitajika na hukuchukua ndani ya miezi sita ya agrimenti, mauzo hayana nguvu. Kama haikuhitajika umepoteza siku na ada kidogo.

Kibet_Njoro
Wakili wangu anasema kuchukua kibali kisichohitajika ni kujipa kazi. Bado sijui nifuate nani.

Otieno_Ughaibuni
Mimi niko nje na nilichukua uraia wa huku. Nikisoma hapa naona frihodi inasifiwa, mimi naweza kununua ya Kisumu?

Karani_wa_Mawakili
Inategemea kama bado una uraia wa Kenya pia. Ukiwa na uraia pacha wewe ni raia, nunua frihodi. Kama uliacha wa Kenya na hujaurudisha, katiba kifungu cha 65 inakuruhusu lisi tu na isizidi miaka 99. Rudisha uraia kwanza ndio ununue, usiandikishe kwa jina la binamu.

Mgeni_wa_Nax
Wazee wangu nimesoma yote na mke wangu amesoma pia. Nimerudi kwa yule mzee wa Lanet nikamuuliza kwa heshima kuhusu zile ploti 17, akashtuka, anasema yeye aliambia broka 14. Yuko tayari tungoje mutesheni. Sasa nauliza mbili tu. Nikiamua kungoja hiyo ya Lanet pesa nitoe namna gani? Na gharama zingine zaidi ya bei ni kiasi gani?

Karani_wa_Mawakili
Huyo mzee naanza kumpenda. Agrimenti iandikwe na wakili, na wewe uwe na wako, si huyo huyo wa muuzaji. Itaje namba ya mama, itaje kwamba unanunua ploti fulani ya ukubwa fulani kama ilivyo kwa mchoro ulioidhinishwa, na mchoro ushikanishwe hapo nyuma. Diposti kwa kawaida ni asilimia kumi, kwa bei yako ni laki moja na elfu thelathini, na hata hiyo ikae kwa akaunti ya wakili isiende mfukoni mpaka kaunti iidhinishe mgawanyo. Baki ilipwe taito ya mtoto ikishatoka na fomu za uhamisho zikishasainiwa. Iandikwe pia mgawanyo ukikataliwa unarudishiwa pesa kwa siku ngapi. Fanya sachi ya mama kabla ya agrimenti na uifanye tena kabla ya kutoa baki, juu mtu anaweza kuichukulia mkopo katikati. Na kama shamba lina nyumba yenye mzee anaishi na mkewe, kibali cha mke kiwe kwa faili, bila hicho hata taito inaweza kupingwa.

Gharama kubwa ni ushuru wa stempu. Ndani ya manispaa ni asilimia nne, nje ni mbili. Lanet iko ndani, kwa hivyo milioni moja na laki tatu ni elfu hamsini na mbili, lakini mthamini wa serikali akisema ploti ina thamani ya juu kuliko mliyoandika utalipa kwa ile yake. Kwa ya mjini ya milioni na laki sita ni elfu sitini na nne. Wakili na ada za usajili ni juu ya hapo. Kuna pia kodi ya faida, asilimia kumi na tano tangu Januari 2023, hiyo ni ya muuzaji, usikubali iletwe kwako kimyakimya ndani ya agrimenti.

Mgeni_wa_Nax
Na ungekuwa mimi?

Karani_wa_Mawakili
Kama nataka kujenga mwaka huu ningechukua ya mjini bora sachi na renti ziwe safi, na mwaka wa kwanza nikishahamia naanza kuuliza nyongeza ya muda. Kama naweza kungoja bila kukosa usingizi, ya Lanet.

Nyar_Kogony
Mimi ningesema ya Lanet, mzee ako hai na anakubali kungoja. Huyo si wa kuachwa.

Mgeni_wa_Nax
Mke wangu bado anataka ya mjini. Kesho naenda kuomba kadi nyeupe na kuangalia renti imelipwa mpaka lini, nikipata nitaweka hapa mnisaidie kusoma.